Deni la Karma Kwenye Chati ya Mwenza: Namba 16 Inatoka Wapi?

Binti wa mama yangu mdogo alinitumia ujumbe wa sauti usiku, na sauti yenyewe ilikuwa imemkauka. Ilikuwa imebaki miezi mitatu aolewe. Jioni ile alikuwa ameingiza tarehe ya kuzaliwa ya mchumba wake kwenye tovuti moja ya elimu ya namba, ikamletea jibu kwamba kijana huyo amebeba deni la karma, namba 16. Mwenye namba hii, iliendelea ile tovuti, katika maisha yaliyopita aliingilia mapenzi ya watu na kuwaumiza, kwa hiyo safari hii mapenzi yake mwenyewe yatabomoka ghafla. "Na kweli dada, aliwahi kuvunja uchumba," aliniambia. "Sasa nifanye nini?"

Nimekaa na elimu hii ya namba miaka kadhaa. Nimechora chati yangu, nimechora za ndugu na za marafiki walioniomba, na ninajua ujumbe wa namna ile unavyoweza kumnyima mtu usingizi. Sikumjibu lolote kuhusu mchumba wake. Nilimwuliza swali moja tu: hiyo tovuti imejumlisha vipi?

Swali lile ndilo kiini cha makala haya. Wengi wanaokutana na deni la karma kwenye chati ya mwenza wanakimbilia kujua maana yake, na hawaulizi namba yenyewe imepatikana kwa njia gani. Kumbe kwenye upatikanaji wake ndiko kuna jambo kubwa.

Tuanze na chati. Katika elimu ya namba ya mtindo wa kimagharibi, ambayo ndiyo iliyojaa mitandaoni, chati ya mtu hujengwa kwa vitu viwili: tarehe ya kuzaliwa na jina kamili alilopewa utotoni. Tarehe nzima ikijumlishwa hutoa namba ya Njia ya Maisha, inayohesabiwa kuwa nzito kuliko zote. Siku ya mwezi peke yake hutoa namba ya Siku. Herufi zote za jina hutoa namba ya Kujieleza, irabu peke yake hutoa namba ya Moyo, na konsonanti peke yake hutoa namba ya Haiba, yaani jinsi watu wa nje wanavyokuona. Kwa kawaida kila jumla huendelea kupunguzwa kwa kujumlisha tarakimu zake hadi ibaki tarakimu moja. Aliyezaliwa tarehe 25, kwa mfano, ni 2 na 5, basi namba yake ya Siku ni 7.

Deni la karma linatokea katikati ya upunguzaji huo. Kabla ya kufika tarakimu moja, jumla hupita kwenye kituo cha tarakimu mbili. Wanaofuata elimu hii wanasema kituo hicho kikiwa 13, 14, 16 au 19, mtu amezaliwa na deni. Ndiyo maana wanaandika 13/4, 14/5, 16/7 na 19/1: namba ya kushoto ni kituo kilichopitwa, ya kulia ni mwisho wa safari. Mtu wa 25/7 na mtu wa 16/7 wote ni 7, lakini wa pili anahesabiwa kuwa alifika kwa njia yenye deni.

Kila deni lina hadithi yake. La 13 linasemwa kuwa la mtu aliyekwepa kazi na kuwatwika wengine mzigo wake, na sasa kila anachoshika kinamtaka atoke jasho mara mbili. La 14 ni la aliyetumia vibaya uhuru wake, akazama katika anasa, na sasa maisha yanamyumbisha hadi ajifunze kiasi. La 16 ni la kiburi na la mapenzi ya haramu yaliyoacha watu na vidonda. La 19 ni la aliyetumia madaraka kwa ubinafsi, na sasa anajikuta peke yake, anaona tabu hata kupokea msaada.

Sasa turudi kwa yule mchumba. Tuseme alizaliwa tarehe 23 Agosti 1992. Ile tovuti ilipunguza kwanza siku, mwezi na mwaka, kila kimoja kivyake. Siku ni 2 + 3, yaani 5. Mwezi ni 8. Mwaka ni 1 + 9 + 9 + 2, yaani 21, kisha 2 + 1, yaani 3. Halafu 5 + 8 + 3 ni 16, na 1 + 6 ni 7. Deni hilo hapo, 16/7.

Lakini wako wasomaji wa namba, na si wachache, wanaojumlisha tarakimu zote moja kwa moja bila kusimama: 2 + 3 + 8 + 1 + 9 + 9 + 2. Jibu ni 34, na 3 + 4 ni 7. Kijana ni 34/7, hana deni lolote. Wako na wengine wanaochukua siku, mwezi na mwaka kama namba nzima: 23 + 8 + 1992 ni 2023, na 2 + 0 + 2 + 3 ni 7. Kwa hao hakuna hata kituo cha tarakimu mbili. Amefika kwenye 7 kwa hatua moja.

Mtu mmoja, tarehe moja, njia tatu zote zinazofundishwa. Moja inamwita mdaiwa, mbili zinamwacha huru.

Ajabu ni kwamba njia zote tatu zimekubaliana kwenye 7, na hilo lina sababu. Unapojumlisha tarakimu za namba, kwa kweli unaondoa tisa tisa. Namba 16 ni 7 iliyoongezewa tisa moja. Namba 34 ni 7 iliyoongezewa tisa tatu. Hata 2023 ukitoa tisa mara 224 utabaki na 7. Wahasibu wa zamani walitumia ujanja huu kuhakiki mahesabu marefu kwa mkono, kwa sababu kinachobaki baada ya kuondoa tisa hakibadiliki, upange tarakimu utakavyopanga. Kwa hiyo tarakimu ya mwisho imefungwa na tarehe yenyewe. Kituo cha katikati hakijafungwa na chochote zaidi ya mazoea ya aliyeshika kalamu. Na deni la karma lote linakaa kwenye kituo hicho.

Nilipomweleza binamu yangu hivi alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri: sasa ipi ndiyo njia sahihi? Sina jibu la kumpa mtu yeyote hapo, kwa kuwa hakuna kigezo nje ya elimu hiyo kinachoweza kuamua. Walimu wa njia ya kwanza wanasema siku, mwezi na mwaka ni mizunguko mitatu tofauti, kila mmoja una haki ya kupunguzwa peke yake. Wa njia nyingine wanasema tarehe ni kitu kimoja kizima. Hoja zote mbili zinaeleweka, na zote mbili haziwezi kupimwa. Ninachoweza kukushauri ni kwamba ukisoma chati ya mwenza, shika njia moja kwa watu wote, wewe mwenyewe ukiwamo. Kubadilisha njia mpaka upate jibu unaloliogopa au unalolitaka ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine.

Kuna namba moja tu isiyobadilika kwa njia hizi: ile ya Siku. Aliyezaliwa tarehe 13, 14, 16 au 19 ya mwezi wowote anayo namba hiyo bila kujumlisha chochote. Siku hizo ni nne kila mwezi, 48 kwa mwaka, kwa hiyo karibu mtu mmoja kati ya wanane ana deni la Siku. Kwenye Njia ya Maisha, kwa ile njia ya kupunguza kila kimoja kivyake, nimekaa nikahesabu nikapata takriban watu watatu kati ya kumi. Ukiziunganisha namba hizo mbili unakaribia wanne kati ya kumi, kabla hujagusa jina. Anayeogopa mchumba mwenye deni ajue kwamba akienda kutafuta mwingine, huko nako atawakuta wengi.

Jina ndilo lenye mitego zaidi, hasa kwetu. Herufi hupewa namba 1 hadi 9 kwa kufuata mpangilio wa alfabeti ya Kilatini: A ni 1, B ni 2, hivyo hivyo hadi I ambayo ni 9, kisha J inarudi kuwa 1, na S nayo inaanza tena na 1. Chukua jina la kwanza tu, ili tusichoke na la baba na la babu. Kijana anaitwa Rashid. Irabu zake ni A na I, 1 + 9, ni 10, na 1 + 0 ni 1. Moyo wake ni 1, bila deni. Lakini cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Rashidi, kama karani alivyolisikia. Sasa irabu ni A, I na I: 1 + 9 + 9 ni 19. Kijana amepata deni la 19/1, la ubinafsi na upweke, kwa sababu ya herufi moja ya mwisho ambayo masikio yetu huongeza ili jina la Kiarabu litue vizuri kwenye Kiswahili.

Na hapo tena, tarakimu ya mwisho haikubadilika. Ni 1 kabla na ni 1 baada, kwa sababu I ni tisa na tisa haihesabiki katika upunguzaji. Kilichobadilika ni kituo. Fikiria basi wangapi wanaandikwa Salim shuleni na Salimu kwenye kitambulisho, Khadija kwa baba na Hadija kwa karani. Wasomaji wa namba wanasema tumia jina lililoandikwa mara ya kwanza kabisa. Sawa, lakini jina la kwanza kabisa lilitamkwa mdomoni na bibi, na kwa familia nyingi halikuwa la herufi za Kilatini.

Tarehe nazo zina yake. Wazee wetu wengi walizaliwa nyumbani, wakapewa tarehe ya kukadiria siku walipohitaji kitambulisho. Chati ya mtu kama huyo inasoma makadirio ya karani.

Sasa tuingie kwenye yanayosemwa kuhusu mapenzi, maana huko ndiko alikotaka kufika binamu yangu. Nitakaa zaidi kwenye 16, kwa kuwa ndiyo watu wanayotishwa nayo kuliko nyingine.

Sura ya 16 kwa wanaoifuata ni mnara unaobomoka. Kwenye karata za taroti, kadi ya 16 ni mnara uliopigwa radi, watu wanaanguka kutoka juu yake, na wafasiri wa namba wameichukua sura hiyo hiyo. Wanasema mtu wa 16 hujenga maisha kwa fahari yake mwenyewe, yakawa kama kasri, halafu pigo moja linayashusha chini. Katika mapenzi wanaeleza kwamba mtu huyu huanguka kwenye penzi haraka, hulipamba kichwani kuliko lilivyo, na linapoonyesha nyufa anajifungia ndani. Kwa kuwa mwisho wa safari yake ni 7, namba ya fikra na faragha, hapendi kuomba radhi wala kueleza kilichomuuma. Mwenza anaona baridi. Wanaoishi naye wanaambiwa wasitarajie maneno mengi, na wasimvizie kwa ugomvi anaponyamaza.

Hapo ndipo tovuti nyingi husimama, na ndipo zinapoidhulumu hata elimu yenyewe. Kwa wanaoifundisha kwa kina, 16 si hukumu kwamba ndoa itavunjika. Wanasema kinachobomoka ni kiburi, na kwamba kadiri mtu anavyong'ang'ania kuta zake ndivyo maumivu yanavyokuwa makubwa. Anayejifunza kukiri kosa mapema hapati pigo, au analipata dogo. Kwa maana hiyo, mtu wa 16 aliyekwishaanguka mara moja akanyanyuka anahesabiwa kuwa mwenza mzuri kuliko wa 16 asiyewahi kuguswa. Binamu yangu aliuona uchumba uliovunjika kama ushahidi wa laana. Mfasiri makini wa mila hiyo hiyo angeuona kama sehemu ya deni iliyokwisha kulipwa. Tukio moja, tafsiri mbili zinazopingana, zote kutoka kwenye namba moja.

Deni la 14 ndilo linalozungumzwa zaidi kwenye mambo ya uaminifu. Mwenye nalo anaelezwa kuwa mchangamfu, mwepesi wa kupendwa, mgumu wa kutulia, na aliye karibu na kuzidisha: pombe, matumizi ya fedha, michepuko. Somo lake wanasema ni kiasi na kutimiza ahadi. Kwenye taroti kadi ya 14 ni ya kiasi, na ukiweka pembeni ile ya 16 utaona kwa nini watu wanafikiri orodha hii ya madeni imetoka kwenye karata. Lakini kadi ya 15 ni ya shetani, na 15 haimo kwenye orodha ya madeni. Ya 19 ni ya jua, kadi ya furaha, na 19 imo. Kwa hiyo uhusiano huo unashika nusu ya njia kisha unakatika.

La 13 kwenye mapenzi halina makeke. Linasemwa kuwa la mtu anayetaka njia ya mkato, anayechoka ndoa inapoanza kuwa kazi, au kinyume chake, mgumu asiyebadili hata mpangilio wa viti sebuleni. La 19 linamweleza mwenza anayesema "nitafanya mwenyewe" hadi mwingine ajione mgeni ndani ya nyumba.

Kuhusu hiyo 19 kuna jambo linalonishangaza kila ninapolikumbuka. Mtabiri mashuhuri wa Ayalandi aliyejiita Cheiro, jina lake halisi William John Warner, aliyeishi kati ya 1866 na 1936, alikuwa na mfumo wake wa namba uliopewa jina la Wakaldayo. Kwake 16 ni namba ya tahadhari, ngome iliyopasuliwa, na hapo anakubaliana na watu wa madeni. Lakini 19 aliihesabu miongoni mwa namba za bahati, ya jua na ya mafanikio. Kwa hiyo mchumba wa 19 ni mdaiwa mpweke kwa msomaji mmoja, na kwa mwingine ni mtu aliyebarikiwa.

Tofauti za namna hii zinatokana na historia ya elimu yenyewe. Tovuti hupenda kuandika kwamba imetoka kwa Pythagoras, Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Ni kweli wafuasi wake waliziona namba kuwa na siri za ulimwengu. Lakini jedwali la herufi za Kilatini na hizi chati za jina zilienezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na miongoni mwa walioandika mapema alikuwa mwanamke aitwaye L. Dow Balliett wa mji wa Atlantic City. Neno karma nalo ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, na lilisambaa huko Magharibi kwa msaada mkubwa wa Jumuiya ya Theosofia, iliyoanzishwa New York mwaka 1875. Kwa Wahindu, karma inahusu matendo na matunda yake, na inatanguliza imani kwamba roho huzaliwa tena. Haikokotolewi kwa kalenda ya Gregori. Msomaji Mwislamu au Mkristo ambaye haamini maisha yaliyopita ana haki ya kujiuliza deni hilo lilikopwa lini na nani.

Kwetu pwani watu walipima majina ya wachumba kwa namba tangu zamani, kabla ya tovuti yoyote, na kwa njia nyingine kabisa. Anayetazamia nyota huchukua jina la mtu na jina la mama yake, akayahesabu kwa abjadi, ambapo alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea hadi elfu. Kisha huondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha burji, yaani nyota yake: Hamali, Thauri, Jauza, hadi Hutu. Halafu nyota za wawili hulinganishwa. Wapo masheikh wanaoikataza kazi hii waziwazi, nami siileti hapa kuipigia debe. Naileta kwa sababu inaonyesha jambo: katika abjadi ya kutafuta nyota kinachotazamwa ni masalio. Hakuna vituo vya njiani, kwa hiyo hakuna pa kuwekea deni. Mtu mwenye mashaka mapenzini anaweza kutoka kwa mtazamiaji mmoja akiwa safi na kuingia kwa mwingine akiwa mdaiwa, na hakuna kilichobadilika katika maisha yake.

Je, maelezo ya 16 hayakumgusa kweli mchumba? Yalimgusa. Ndiyo yaliyomtisha binamu yangu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja karatasi ya maelezo aliyodhani yameandikwa kwa ajili yake peke yake. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale. Wanafunzi walipoulizwa maelezo hayo yanawafaa kiasi gani, kwa kipimo cha 0 hadi 5, wastani ulifika karibu 4.3. Sasa soma tena yanayosemwa kuhusu 16: mapenzi yako yamewahi kuvunjika ghafla, kiburi chako kimewahi kukugharimu, huwa unajifungia unapoumia. Mtafute mtu mzima mwenye zaidi ya miaka thelathini ambaye maneno hayo hayampati hata kidogo.

Ukitaka kupima mwenyewe, chukua maelezo ya madeni yote manne, futa namba, mpe mtu anayemfahamu mwenza wako vizuri, dada yake kwa mfano, achague linalomfanana. Nimelifanya hili nyumbani kwetu mara kadhaa. Ndugu huchagua kwa haraka na kwa uhakika, kisha unafunua namba na unaona kila mtu amechagua tofauti.

Sisemi hivi ili kuichana chati. Ninazo zangu bado, na zimenisaidia kuanza mazungumzo ambayo nisingeyaanza. Ninachokiogopa ni matumizi mawili. La kwanza ni la anayekuuzia dawa ya deni: lipa kiasi hiki, vaa jiwe hili, badilisha tahajia ya jina, deni litaondoka. Hata kwa misingi ya elimu yenyewe hilo halipo, maana wanafundisha kwamba deni hulipwa kwa kubadili mwenendo.

La pili linaniuma zaidi. Nimewahi kukaa na mama mmoja ambaye mumewe alikuwa akimpiga, na msomaji wa namba alimwambia kwamba mume ana 14, yeye ana 16, walikutana ili walipane, avumilie hadi somo liishe. Alivumilia miaka miwili juu ya ile mingine. Mtu akikupiga, akikunyang'anya mshahara, akikufungia ndani, hapo hakuna kituo cha kuhesabu. Tafuta ndugu, tafuta kituo cha polisi chenye dawati la jinsia, toka. Na msomaji yeyote anayetumia neno deni kumbakiza mtu kwenye kipigo, mwache hapo hapo.

Binamu yangu nilimwomba mwisho anipe tarehe yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameiingiza kwenye tovuti. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1996. Njia ya Maisha yake kwa mtindo wa ile tovuti ni 5 + 3 + 7, yaani 15/6, haina deni. Lakini siku yake ni 14, na 14 haiondoki kwa njia yoyote ya kujumlisha. Kwa kanuni zile zile zilizomnyima usingizi, yeye ndiye mwenye namba ya kutotulia na kuvunja ahadi, na mchumba wake ndiye angepaswa kuogopa.

"Lakini mimi siko hivyo," alisema.

Nikamwambia mchumba wake naye huenda hayuko hivyo, na njia ya kujua ipo kwenye simu yake. Siku mbili baadaye alimpigia. Hakutaja 16. Alimwuliza ule uchumba wa kwanza ulivunjika kwa sababu gani, swali ambalo kwa miezi yote hiyo alikuwa hajaliuliza. Waliongea hadi chaji ya simu yake ikaisha, akaiweka ukutani, wakaendelea.